Kutoza kadi iliyohifadhiwa kila mwezi: mwongozo kamili kuanzia idhini ya kwanza hadi kusitisha

Mteja anayejisajili kwenye huduma ya kila mwezi huandika namba za kadi yake mara moja tu. Benki humtumia OTP kwenye simu, anaiingiza, malipo yanapita. Mwezi unaofuata anakatwa tena bila kuulizwa chochote. Watu wengi, wakiwemo wanaojenga mifumo hii, hudhani kwamba siku ile ya kwanza benki ilikubali malipo ya miezi yote kwa mpigo. Haikukubali hivyo.

Hapa kuna ruhusa mbili, na zina maisha tofauti. Ya kwanza ni idhini ya mteja: anakubali kwamba wewe mfanyabiashara uweke kadi yake na umtoze baadaye akiwa hayupo. Hiyo hutolewa mara moja na hudumu mpaka aiondoe. Ya pili ni kibali cha benki iliyotoa kadi, na hicho huombwa upya kila unapotoza. Benki huangalia salio, huangalia kama kadi bado ni hai, kisha husema ndiyo au hapana kwa muamala huo mmoja. Idhini ya mteja haiilazimishi benki kukubali. Na benki ikikubali, hiyo haithibitishi kwamba mteja bado anataka huduma yako. Karibu kila tatizo nitakalolieleza hapa chini linatokana na mtu kuchanganya hizi mbili.

Nitatumia mfano wa tovuti ya masomo iliyoko Kenya inayotoza KES 500 kwa mwezi kupitia Paystack, kampuni ya kupokea malipo ya mtandaoni, kwa sababu inapokea shilingi ya Kenya na hatua zake zinaonekana wazi. Kama uko kwingine na unatumia kampuni nyingine, majina ya sehemu yatabadilika lakini mpangilio ni ule ule, kwa kuwa kanuni za chini yake ni za Visa na Mastercard.

## Kwanza, kinachotokea nyuma ya pazia

Zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi, CVV, hairuhusiwi kuhifadhiwa na mfanyabiashara baada ya muamala kuidhinishwa. Kanuni za usalama wa kadi, PCI DSS, zinakataza hata kama umezifumba kwa ufunguo. Kwa hiyo makato ya mwezi wa pili hayana CVV. Hayana OTP pia, maana mteja yuko kazini au amelala. Swali la kawaida ni hili: benki inakubalije muamala usio na chochote kati ya hivyo?

Inakubali kwa sababu ombi la mwezi wa pili halifanani na la kwanza. La kwanza linakwenda benki likiwa na alama kwamba mwenye kadi yupo, ameanzisha malipo mwenyewe, na amekubali kadi ihifadhiwe kwa ajili ya makato yanayojirudia. Mtandao wa kadi unaupa muamala huo utambulisho wake. Maombi ya baadaye yanakwenda na alama nyingine: kadi ilihifadhiwa, anayeanzisha ni mfanyabiashara, na muamala wa asili ni ule wenye utambulisho fulani. Benki ikiona mnyororo huo inaelewa kwamba huu ni mwezi wa pili wa makubaliano yaliyothibitishwa kwa OTP. Visa iliweka mpangilio huu wa alama mwaka 2017, na kabla ya hapo benki nyingi zilikuwa zinakisia tu.

Habari njema ni kwamba Paystack na kampuni za aina yake hukuwekea alama hizo zenyewe. Wewe hushiki namba ya kadi hata kidogo. Unachopewa ni tokeni inayowakilisha kadi hiyo kwenye akaunti yako, nayo haifanyi kazi bila ufunguo wako wa siri.

Jambo moja la kulishika tangu mwanzo ni kwamba tokeni haijui mlikubaliana shilingi ngapi. Mteja alikubali 500, lakini mfumo hautakuzuia kutuma 700 au 5,000. India waliliona hilo wakaweka kanuni yao wenyewe. Tangu Oktoba 2021 makato ya kadi yanayojirudia kule yanatanguliwa na taarifa kwa mteja angalau saa 24 kabla, na tangu 2022 yale yanayozidi rupia 15,000 kwa kawaida hudai uthibitisho mpya. Kwenye mfano wetu huu hakuna kizuizi cha namna hiyo ndani ya mfumo, kwa hiyo kikomo ni kile ulichomwandikia mteja, na ni juu yako kukiheshimu.

## Hatua ya 1: andika idhini kabla ya kuandika programu

Juu ya kitufe cha kulipia weka maneno ambayo mteja ataelewa bila kusoma masharti ya kurasa kumi. Kwa mfano: “Utatozwa KES 500 leo, kisha KES 500 tarehe hiyo hiyo kila mwezi kwenye kadi hii hadi utakapositisha. Unaweza kusitisha wakati wowote kwenye ukurasa wa Akaunti Yangu.” Humo kuna kiasi, mara ngapi, hadi lini, na namna ya kutoka. Hayo ndiyo mambo mteja atakayodai hakuambiwa pindi mkigombana.

Hifadhi maneno yenyewe kama yalivyosomeka siku hiyo, pamoja na tarehe na saa aliyobonyeza. Kuhifadhi kwamba “alikubali masharti” hakutoshi, kwani masharti yanabadilika, na miezi sita baadaye hutaweza kuonyesha alikubali yapi.

Kama unatoa jaribio la bure, mkumbushe mteja kabla halijaisha. Kanuni za Visa tangu Aprili 2020 zinataka ukumbusho huo umfikie angalau siku 7 kabla ya kutozwa, ukiwa na kiungo cha kusitisha. Binafsi ningeshauri huduma ndogo iachane kabisa na jaribio la bure linaloomba kadi. Unapata majina mengi, halafu nusu ya kazi yako inakuwa kurudisha pesa za watu waliosahau.

## Hatua ya 2: muamala wa kwanza

Anzisha malipo kutoka kwenye seva yako. Kiasi huandikwa kwa senti, kwa hiyo shilingi 500 ni 50000:

```
curl https://api.paystack.co/transaction/initialize \
  -H "Authorization: Bearer UFUNGUO_WA_SIRI" \
  -H "Content-Type: application/json" \
  -d '{"email":"mteja@example.com",
       "amount":"50000",
       "currency":"KES",
       "channels":["card"],
       "reference":"sub-118-2025-01-a1"}' \
  -X POST
```

Sehemu ya `channels` ina sababu yake. Ukiiacha wazi, mteja wa Kenya ataona pia M-Pesa na wengi wataichagua. Malipo yatapita vizuri, lakini hutapata tokeni ya kutoza baadaye, maana kwa M-Pesa ya kawaida mteja huletewa ombi kwenye simu na kuweka PIN kila mara. Mwezi wa pili utafika huna cha kutoza. Wateja wa M-Pesa wawekee njia yao: watumie ombi kila mwezi waingize PIN, au waelekeze kwenye M-Pesa Ratiba, ambayo Safaricom iliileta mwaka 2024. Ratiba inakwenda kinyume na kadi, kwa kuwa mteja ndiye anayeagiza pesa zitumwe kwako kwa tarehe fulani.

Jibu la ombi hilo lina `authorization_url`. Mpeleke mteja huko. Ataandika kadi, benki yake itaweza kumdai OTP, kisha atarudishwa kwako.

Kurudi kwake kwenye ukurasa wako si ushahidi kwamba amelipa, kwani mtu yeyote anaweza kufungua anwani ile. Uliza Paystack mwenyewe kwa `GET /transaction/verify/sub-118-2025-01-a1`, kisha hakikisha vitu vitatu: `data.status` ni `success`, kiasi ni 50000, na sarafu ni KES. Ukiruka ukaguzi wa kiasi, kuna siku mjanja mmoja atabadilisha ombi akalipa shilingi tano na wewe umfungulie masomo.

## Hatua ya 3: hifadhi tokeni pamoja na vinavyoizunguka

Ndani ya jibu la uthibitisho kuna sehemu hii:

```json
"authorization": {
  "authorization_code": "AUTH_8dfhjjdt",
  "last4": "4081",
  "exp_month": "12",
  "exp_year": "2030",
  "channel": "card",
  "reusable": true,
  "signature": "SIG_idyuhgd87dUYSHO92D"
}
```

Tazama `reusable` kwanza. Ikiwa ni `false`, huna ruhusa ya kutoza tena kwa tokeni hiyo, na mwambie mteja siku hiyo hiyo badala ya kungoja mwezi uishe. Ikiwa ni `true`, hifadhi `authorization_code` pamoja na barua pepe aliyotumia mteja wakati huo. Barua pepe hiyo ni sehemu ya tokeni, na makato ya baadaye lazima yaitaje hiyo hiyo. Mteja akibadilisha barua pepe kwenye tovuti yako, usiifute ile ya zamani kwenye jedwali la malipo.

`signature` hutambulisha kadi yenyewe, kwa hiyo kadi ile ile ikitumiwa mara mbili utaijua. `last4` na tarehe ya mwisho ni za kumwonyesha mteja, na za kukuwezesha kumwandikia kabla kadi haijaisha muda.

Kitu cha mwisho cha kuhifadhi hapa ni tarehe ya msingi, na hiyo tunaigeukia sasa.

## Hatua ya 4: tarehe 31, Februari, na saa za seva

Mteja wetu namba 118 alijisajili Ijumaa, tarehe 31 Januari 2025. Februari haina tarehe 31, kwa hiyo zamu yake ni tarehe 28. Na Machi je? Programu nyingi huchukua tarehe ya makato ya mwisho na kuongeza mwezi mmoja: 28 Februari inakuwa 28 Machi, halafu 28 Aprili, na mteja amehamishwa milele bila yeye kujua. Dawa ni kuhifadhi namba 31 peke yake kama tarehe ya msingi, na kila mwezi kuhesabu upya kuanzia hapo: tarehe 31 kama ipo, la sivyo siku ya mwisho ya mwezi. Hivyo anapata 28 Februari, 31 Machi, 30 Aprili, 31 Mei.

Ukitumia mfumo wa usajili wa Paystack wenyewe badala ya kutoza kwa mkono wako, wao hulikwepa jambo hili kwa njia yao: aliyejisajili kati ya tarehe 29 na 31 hutozwa tarehe 28 ya kila mwezi unaofuata. Ni sawa tu, ila ukumbuke kuliandika kwenye maneno ya idhini. Mfumo huo pia haujaribu tena makato yanapokataliwa, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kupendelea kutoza kwa `charge_authorization`, ombi la hatua inayofuata. Ni kazi zaidi, lakini makato yaliyokataliwa ndipo pesa nyingi za huduma ya kila mwezi zinapopotelea.

Kuhusu saa, seva nyingi hutumia saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Programu ikianza saa sita usiku wa UTC, kwetu ni saa tisa usiku. Mteja anaamshwa na ujumbe wa benki akidhani ameibiwa. Panga itoze saa tatu au saa nne asubuhi kwa saa zetu, wakati ambapo wewe mwenyewe uko macho ukiona kitu kinaharibika.

## Hatua ya 5: kutoza mteja akiwa hayupo

Ombi lenyewe ni fupi:

```
curl https://api.paystack.co/transaction/charge_authorization \
  -H "Authorization: Bearer UFUNGUO_WA_SIRI" \
  -H "Content-Type: application/json" \
  -d '{"authorization_code":"AUTH_8dfhjjdt",
       "email":"mteja@example.com",
       "amount":"50000",
       "currency":"KES",
       "reference":"sub-118-2025-02-a1"}' \
  -X POST
```

Tazama ile namba ya rejea. Nimeijenga kwa namba ya usajili, kipindi, na jaribio: usajili 118, Februari 2025, jaribio la kwanza. Sikuiacha programu ibuni herufi za kubahatisha, na sababu ni hii. Tuseme unatuma ombi, mtandao unakatika, hupati jibu. Je, mteja amekatwa au hajakatwa? Hujui. Programu yenye rejea za kubahatisha itatuma upya kwa rejea mpya, na mteja atakatwa mara mbili. Yenye rejea iliyojengwa itatuma ile ile, na Paystack itaikataa kwa sababu imeshatumika. Kutumiwa mara mbili kwa bahati mbaya, kama vile seva mbili kuamka pamoja, kunazuiwa vivyo hivyo.

Lakini ukikosa jibu, hatua ya kwanza ni kuuliza. Fanya `verify` kwa rejea hiyo. Ikisema `success`, andika kwamba amelipa. Ikisema `failed`, hilo ni jaribio lililoshindwa na utalishughulikia kama hatua inayofuata inavyoeleza. Kama haijulikani kabisa, tuma tena kwa rejea ile ile. Ikiwa katika hali nyingine yoyote, ngoja. Usianze jaribio la pili wakati la kwanza halijafika mwisho.

Weka kizuizi hicho hicho kwenye hifadhidata yako, ili usitegemee upande mmoja tu:

```sql
CREATE UNIQUE INDEX jaribio_moja
  ON majaribio (usajili_id, kipindi, namba_ya_jaribio);
```

Andika mstari wa jaribio kwenye jedwali kwanza, kisha ndipo utume ombi. Ukigeuza mpangilio, programu ikizimika katikati utakuwa umemtoza mtu bila kumbukumbu yoyote upande wako.

Sasa mtego unaowanasa wengi. Jibu la Paystack lina `status` mbili. Ya nje ikisema `true` maana yake ni kwamba ombi limepokelewa na kushughulikiwa, basi. Ya ndani, `data.status`, ndiyo inayosema kama pesa zimetoka. Kadi isiyo na salio hurudisha ya nje `true` na ya ndani `failed`, pamoja na `gateway_response` yenye maneno kama `Insufficient Funds`. Anayesoma ya nje peke yake anawafungulia huduma watu ambao hawajalipa, na atagundua siku atakapolinganisha hesabu na benki.

Kuna jibu la tatu: `paused` ikiwa `true`, pamoja na `authorization_url`. Hapo benki au mfumo umetaka mwenye kadi athibitishe tena. Mtumie mteja kiungo hicho kwa barua pepe au SMS na umweleze sababu. Usiseme tu “bonyeza hapa”, kwa kuwa ujumbe wa namna hiyo unafanana na wa matapeli.

Pamoja na hayo yote, pokea pia taarifa ambayo Paystack hutuma yenyewe kwenye seva yako, ile `charge.success`. Hakiki sahihi iliyoko kwenye `x-paystack-signature`: ni HMAC SHA512 ya mwili wote wa taarifa kwa ufunguo wako wa siri. Taarifa inaweza kufika zaidi ya mara moja, kwa hiyo ikifika ya pili kwa rejea ambayo tayari umeiandika kuwa imelipwa, jibu 200 na usifanye kitu.

## Hatua ya 6: benki ikisema hapana

Tumrudie mteja 118. Ijumaa 28 Februari, saa tatu asubuhi, ombi limerudi: `failed`, `Insufficient Funds`. Hapa kwetu jibu hili lina sababu moja inayojirudia sana. Watu hutumia kadi pepe, au kadi ya kulipia kabla wanayoiwekea pesa za ununuzi mmoja tu. Mwezi wa kwanza unapita kwa sababu aliiwekea 500 dakika tano kabla. Mwezi wa pili kadi ni tupu, ingawa mtu mwenyewe ana pesa na anataka huduma.

Kwa hiyo usimfungie siku hiyo. Mwandikie: kadi inayoishia 4081 haikuwa na salio la kutosha, tutajaribu tena Jumatatu saa tatu asubuhi, na kama ungependa kulipa sasa au kubadilisha kadi, kiungo hiki hapa. Jumatatu 3 Machi tuma `sub-118-2025-02-a2`. Tuseme imepita. Amelipia kipindi cha Februari, na zamu yake inayofuata inabaki 31 Machi. Jaribio lililochelewa lisisogeze tarehe ya msingi.

Si kila “hapana” inastahili jaribio la pili. Salio likikosekana, jaribu. Kadi ikiwa imeibiwa, imepotea, au namba haipo tena, acha mara moja uombe kadi nyingine. Kurudia hakutabadilisha jibu, na kunaifanya biashara yako ionekane kama mtu anayebahatisha kadi. Visa wana kundi la majibu ambayo hairuhusiwi kurudia kabisa, na kwa mengine kikomo ni majaribio 15 ndani ya siku 30. Hicho ni kikomo cha juu, nacho ni kikubwa mno kwa huduma ya KES 500. Majaribio matatu yaliyosambazwa ndani ya siku kumi yanatosha, moja likiwa karibu na siku za mishahara, mwisho au mwanzo wa mwezi.

Kuna jibu lililo gumu zaidi kuliko yote: `Do Not Honor` au maneno ya jumla kama `Declined`. Benki haikuambii sababu. Huenda ni kikomo cha matumizi ya mtandaoni alichoweka mteja kwenye programu ya benki, huenda ni mashaka ya wizi. Jaribu mara moja tena siku nyingine, kisha mwelekeze mteja apige simu benki yake, kwa kuwa wewe huwezi kuiuliza.

## Hatua ya 7: kusitisha, na makato ya dakika ya mwisho

Kitufe cha kusitisha kiwe mahali ulipoahidi. Mteja akikibonyeza, andika hali ya usajili na saa kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Halafu zima tokeni upande wa Paystack, na umtumie mteja barua inayosema huduma yake inaishia lini.

Kosa linalotokea hapa ni dogo na linaudhi. Programu inatengeneza orodha ya watu wa kutoza saa 3:00 asubuhi. Mteja anasitisha saa 3:02. Zamu yake kwenye orodha inafika saa 3:05, naye anakatwa akiwa na barua yako mkononi inayosema amesitisha. Ili kuepuka hilo, orodha iwe ya namba za usajili tu, na hali ya kila mmoja isomwe upya sekunde ile anapotaka kutozwa.

Upande wa mteja, kuna imani kwamba kufuta programu kwenye simu kunasitisha malipo. Hapana, kwani tokeni iko kwenye seva. Kungoja kadi iishe muda nako si njia ya uhakika: Visa na Mastercard wana huduma zinazowapasha wafanyabiashara habari za kadi mpya iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, pale ambapo benki inashiriki, na makato yanaweza kuendelea kana kwamba hakuna kilichobadilika. Anayetaka kutoka na hapati kitufe, aandike kwa mfanyabiashara, ahifadhi maandishi hayo, kisha aiombe benki izuie makato ya mfanyabiashara huyo.

Akikatwa baada ya kusitisha anaweza kupinga muamala kwenye benki yake. Kwa Visa pingamizi hilo lina namba yake, 13.2, na kwa kawaida muda wake ni siku 120. Utakapoletewa pingamizi, kile utakachoulizwa ni kile ulichohifadhi kwenye hatua ya 1: maneno aliyokubali, saa aliyokubali, na kumbukumbu ya kusitisha kama ipo. OTP ya siku ya kwanza haitakuokoa. Ilithibitisha nani alilipa Januari, haisemi kama mtu huyo alitaka kulipa Julai. Kama kumbukumbu zako zinaonyesha kweli alisitisha, rudisha pesa mara moja bila kubishana.

Mapingamizi mengine hayana ugomvi wowote ndani yake. Mteja ameona jina kwenye taarifa ya benki asilolitambua, kwa sababu kampuni imesajiliwa kwa jina moja na tovuti inaitwa jingine. Kwenye risiti ya kila mwezi andika jina hasa litakalotokea benki.

## Hatua ya 8: jaribu kabla ya kuwatoza watu

Ufunguo wa majaribio huanza na `sk_test_`, na kadi ya majaribio inayopita ni 4084084084084081, CVV 408, na tarehe yoyote ya mbele. Fanya muamala wa kwanza, chukua tokeni, itoze. Kisha ifanye programu yako iamini kwamba leo ni 31 Januari na uisogeze mwezi mmoja mmoja hadi Mei, ukitazama tarehe inazotoa. Zima mtandao katikati ya ombi uone kama inauliza kwanza au inakimbilia kutoza tena. Sitisha usajili wakati orodha inaendelea. Mwisho, tuma `sub-118-2025-02-a1` mara mbili kwa makusudi: ya pili ikataliwe na Paystack, na kabla haijafika huko, ikataliwe na hifadhidata yako.